Mkwe wangu Mjapani alisema "mottainai" nilipompa kanga. Alikataa au alishukuru?

BintiTanga_Saitama

Wapendwa, habari za leo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Saitama huu mwaka wa tisa, nimeolewa na Mjapani na tuna mtoto mmoja wa kiume, yuko darasa la pili. Kijapani cha dukani na cha zahanati nakimudu. Cha moyoni bado kinanipiga chenga, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Miaka miwili iliyopita nilirudi nyumbani likizo, nikamletea mama mkwe doti ya kanga. Niliichagua kwa makini, jina lake "Nani kama mama". Nilimpa kwa mikono miwili kama tulivyolelewa. Akaifungua, akaipapasa, akaniuliza maandishi yanasemaje, nikamfasiria. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Watashi ni wa mottainai wa." Akaikunja upya kwa mikunjo ileile, akairudisha kwenye karatasi yake. Tangu siku hiyo sijaiona mwilini mwake wala mezani wala popote.

Sasa mimi neno hilo nalijua kwa maana moja tu, israfu. Nikimenya karoti ganda likatoka nene, mkwe ananong'ona "mottainai". Mtoto akiacha bomba linatiririka, mottainai. Mume wangu akikuta nusu kikombe cha wali nimekitupa, mottainai. Kwa hiyo nilisikia hivi: "Kunipa mimi kanga hii ni kuiharibu." Nimeyabeba hayo moyoni miaka miwili bila kumwuliza mtu.

La pili ni la shule. Mwanangu amerudi wiki iliyopita analia. Chakula cha mchana cha shule hakukimaliza, kulikuwa na uyoga wa shiitake, na mwalimu akasema mbele ya darasa "mottainai". Darasa lao lina chati ya ukutani, siku ambayo sufuria linarudi jikoni tupu wanabandika nyota. Siku hiyo nyota ikakosekana, na watoto wanajua ni kwa sababu ya nani. Siku hizi asubuhi anasema tumbo linamuuma.

Wanaoijua lugha hii kwa ndani nisaidieni. Neno hili ni la kulaumu au ni la nini?

Mwanamazingira_Nyeri

Dada, pole. Neno hilo sisi Wakenya tunalifahamu vizuri kwa sababu ya marehemu Profesa Wangari Maathai. Ndiye aliyelianzisha kwa ajili ya kampeni ya mazingira, na maana yake ni punguza matumizi, tumia tena, na rejeleza. Kwa hiyo mkwe wako alikuwa anakwambia usinunue vitu vipya wakati vya zamani vipo. Usiumie, alikuwa anatetea mazingira.

Mkalimani_Kobe

Kaka wa Nyeri, heshima yako. Profesa Maathai ana sehemu kubwa katika safari ya neno hili, lakini hakulianzisha. Alifika Japani Februari 2005, wiki ambazo Itifaki ya Kyoto ilikuwa inaanza kufanya kazi, akiwa mgeni wa gazeti la Mainichi. Hapo ndipo alipolisikia. Alilipenda kwa sababu lilibeba kwa mkupuo mmoja yale matatu uliyoyataja, na juu yake likaongeza la nne ambalo hakulipata kwenye lugha nyingine, yaani heshima kwa kitu chenyewe. Machi ya mwaka huohuo akalipeleka kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake kule New York, ukumbi mzima ukalitamka pamoja naye. Wajapani wengi wa rika langu watakwambia waliliona neno la bibi zao upya baada ya mwanamke wa Kenya kuwarudishia.

Lakini lenyewe ni la kale, lina mamia ya miaka, na lilianza mbali kabisa na mambo ya taka.

Dada BintiTanga, sikiliza kwa utulivu. "Nai" ni "hakuna". "Mottai" ni ule uzito wa kitu, hadhi yake, kile kinachokifanya kistahili kutazamwa kwa adabu. Neno hilo linahusishwa na msamiati wa Kibudha. Hata leo mtu anayejikweza wanasema "mottaiburu", yaani anajivika mottai ambayo hana. Zamani "mottainai" lilitumika kwa tendo la utovu wa adabu mbele ya miungu au wakubwa. Ukikalia kiti cha bwana, hilo lilikuwa mottainai. Kutoka hapo likageuka likawa neno la mtu anayepewa jambo kubwa kuliko yeye. Mfalme amekutembelea nyumbani kwako, unasema mottainai, maana yake "mimi ni nani hata nistahili?" La kutupa vitu ovyo limetanuka kutokana na hayo. Kitu kina hadhi, wewe umekitendea kana kwamba hakina.

Kwa hiyo ufunguo wako uko kwenye kijineno kidogo kinachotangulia. Akisema "gohan GA mottainai", ni wali unaoonewa. Akisema "watashi NI WA mottainai", anasema "kwangu mimi hiki ni kikubwa mno". Mkwe wako hakukukataa, dada. Alikushukuru kwa neno zito kuliko arigato.

BintiTanga_Saitama

Kaka Mkalimani, nimesoma hapa jikoni, nimelazimika kukaa. Miaka miwili.

Lakini basi mbona haivai?

FundiGari_Ilala

Samahani naingilia. Je, mottainai ndiyo sababu magari yaliyotumika yanayoletwa Dar kutoka Japani yanakuwa hayajachoka? Nimefungua injini nyingi, unakuta gari la miaka 9 lakini ndani safi kama la jana. Nilidhani Wajapani wanaona huruma kulitupa ndiyo maana wanatuuzia.

Mkalimani_Kobe

Fundi, hapo mchango wa neno ni mdogo kuliko unavyodhani. Linalosukuma gari sokoni ni ukaguzi wa lazima, wanauita shaken. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi una gharama yake pamoja na matengenezo. Mwenye gari anapiga hesabu anaona bora auze. Usafi unaouona unatokana na hizo kaguzi na barabara nzuri. Lakini tusiondoke kwenye swali la dada.

Mwl_Akinyi

Hamjambo. Mimi natoka Kisumu, nafundisha Kiingereza kama mwalimu msaidizi katika shule za msingi huku Japani, mwaka wa sita huu, na karibu kila siku nakula mchana darasani na watoto. Nataka kulizungumzia la mtoto kwa sababu limenigusa.

Dada, kwanza ujue chakula kile kinavyokwenda, maana wazazi wengi hawajawahi kukiona. Kipindi cha nne kikiisha, watoto wa zamu wanavaa makoti meupe, kofia na barakoa, wanakwenda jikoni wanabeba masufuria ya darasa lao. Wanagawa wenyewe. Mtoto wa miaka saba na upawa mkononi hawezi kujua tumbo la mwenzake, anajaza bakuli zote sawa. Halafu wote wanakaa, mmoja anaongoza "itadakimasu", neno la shukrani kabla ya kula, na wanakula kwa muda unaozidi kidogo dakika 20. Baada ya hapo ni kusafisha darasa.

Sasa kuna dirisha dogo ambalo ndilo kila kitu. Kabla ya kuanza kula, mwalimu anauliza nani anataka kupunguziwa. Mtoto anakwenda mbele na bakuli lake ambalo hajaligusa, sehemu inarudishwa kwenye sufuria. Kinachobaki kwenye sufuria wanapewa wanaotaka kuongezewa, wakizidi wanacheza jan-ken, ule mchezo wa mikono wa jiwe, mkasi na karatasi. Siku ikiwa na keki ya maziwa na mtoto mmoja hayupo, utaona vita vya jan-ken vya watu kumi na wanane kwa kikombe kimoja. Lakini ukishatia vijiti kwenye bakuli, dirisha limefungwa. Chakula ulichokigusa hakirudi kwa mwingine. Ukikiacha, kinakwenda kwenye mabaki, na mabaki yanapimwa kwa mizani jikoni.

Kwa hiyo mwalimu aliyeelewa neno, analisema KABLA. Anasema, "Pima tumbo lako, usichukue kitakachobaki, ni mottainai." Mwalimu aliyechoka au anayeipenda sana ile nyota analisema BAADA, na hapo linakuwa fimbo. Neno ni lilelile.

Mwanao je, anaruhusiwa kupunguza mwanzoni?

BintiTanga_Saitama

Mwalimu, nimemwuliza sasa hivi. Anasema wanaruhusiwa, lakini lazima "ule tonge moja" la kila kitu, na yeye anaona aibu kwenda mbele kila siku kwa sababu kuna mtoto anamhesabia. Kwa hiyo hukaa kimya, anakula vingine, shiitake inabaki.

SalimBinSaid_Muscat

Asalaam aleikum. Mimi ni Mswahili wa Zanzibar niko Muscat. Kwangu naona jambo hili sisi tunalo tangu zamani na jina lake israfu, na Qurani imekataza wazi, kuleni na kunyweni wala msifanye israfu. Bibi yangu akiona punje ya wali imeanguka mkekani anaiokota. Ukoko wa sufuria tulikuwa tunagombania. Sioni kipya. Mtoto afundishwe kumaliza sahani, basi.

Mkalimani_Kobe

Waaleikum salaam, kaka Salim. Umesema kweli kuhusu ukoko, nao Wajapani wanao, wanauita okoge, na wanagombania vilevile. Na punje ya wali bibi zao wanasema ina miungu saba ndani yake, ukiiacha macho yako yatapofuka. Wanaongeza kwamba herufi ya mchele ukiichambua unapata themanini na nane, ndizo kazi ambazo mkulima amezifanya hadi ikafika kwako.

Lakini naona tofauti moja. Israfu ni hukumu juu ya tendo, na aliyeikataza yuko juu yetu. Ukisema "umefanya israfu", unamtazama mtenda. Mottainai mara nyingi hutoka mdomoni mtu akiwa peke yake jikoni, hakuna wa kumhukumu, anakitazama kiazi kilichooza na kuumia. Iko karibu zaidi na vile mama zetu wanavyosema "aaa, jamani, maskini" wakiona nazi imemwagika. Wanaionea huruma nazi.

SalimBinSaid_Muscat

Nimekuelewa. Hata hivyo huruma ya nazi bila anayekataza haitoshi kumzuia mtu. Hapa Ghuba naona sinia zima la wali likibebwa nje baada ya harusi, na waliokula wote wanaijua aya hiyo. Sijui basi kipi kinamzuia mtu.

Mwl_Akinyi

Kaka Salim, swali zuri, na Japani nayo haijalijibu. Mwaka wa fedha wa 2022 nchi hiyo ilitupa chakula kilichokuwa bado kinalika tani milioni 4.72, nusu kutoka majumbani na nusu kutoka kwenye biashara. Walilazimika kutunga sheria mwaka 2019 ya kupunguza utupaji huo. Neno kila mtoto analijua, na bado.

Kuhusu "amalize sahani, basi", hapana, kaka yangu. Nimeona mtoto wa darasa la tatu amebaki na sahani yake huku wenzake wamesukuma meza nyuma na wanafagia, vumbi linapanda, yeye analia na kipande cha samaki mdomoni. Mtoto yule hakujifunza kuthamini samaki. Alijifunza kuogopa saa sita. Huku wapo watu wazima wasioweza kula mbele ya wengine, na baadhi yao wanasimulia kwamba ilianza kwenye meza ile. Kuna jina kabisa la kitabibu kwa hofu hiyo siku hizi.

Mama_wa_Mapacha_Nairobi

Na mbona mtoto asibebe kilichobaki nyumbani? Sisi shuleni tulikuwa na vyombo vyetu, kilichobaki unarudi nacho kwa wadogo zako. Hiyo ndiyo ingekuwa mottainai ya kweli!

Mwl_Akinyi

Mama, zamani ilikuwepo kwa mkate, mtoto mgonjwa alipelekewa mkate wake na jirani. Kilichoua desturi hiyo ni hofu ya sumu ya chakula. Mwaka 1996 mji wa Sakai ulipatwa na vimelea vya O157 kupitia chakula cha shule, maelfu ya watoto wakaugua na wengine wakafa. Baada ya hapo usafi ukakazwa nchi nzima, na karibu kila mahali hakuna kinachotoka getini. Kinachobaki kinakwenda kuwa mbolea au lishe ya mifugo ukibahatika, na kwingine kinachomwa. Naumia kila siku ninapoona maziwa ya pakiti hayajafunguliwa yanarudi. Lakini nikikumbuka Sakai sina ubishi.

Dada BintiTanga, ushauri wangu ni wa kutenda. Kile kijitabu cha mawasiliano kati ya mzazi na mwalimu kipo kwenye begi lake. Usiandike malalamiko kuhusu nyota, mwalimu atajihami. Andika ombi dogo: "Kyushoku no ryo o saisho ni herasasete itadakemasu ka." Unaomba sehemu yake ipunguzwe mwanzoni kabisa. Omba pia, kama inawezekana, apunguziwe pale pale anapogaiwa, asilazimike kwenda mbele. Anayegawa akiambiwa "kidogo", hakuna anayehesabu. Halafu ongeza sentensi moja kwamba asubuhi anaumwa tumbo. Hiyo hakuna mwalimu atakayeipuuza.

BintiTanga_Saitama

Asante sana Mwalimu. Nimeiandika usiku huu, mume wangu amenisahihishia herufi tu. Yeye amesoma akanyamaza, halafu akaniambia hata yeye alikuwa anaficha mboga kwenye leso. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuyasikia hayo.

Nirudi kwa mkwe, kwa sababu kuna jambo limenijia. Mwanangu alipoanza darasa la kwanza, barua ya shule ilitaka kila mtoto alete zokin mbili, matambara ya kupangusia sakafu, maana wanasafisha shule wenyewe. Nikanunua za tayari kwenye duka la yeni 100. Mkwe akaziona. "Mottainai." Nikanuna. Kesho yake akaja na mataulo mawili makuukuu, yale membamba ya uso, na sindano.

Alianza kwa kukata pindo nene za ncha zote mbili, akaniambia sindano hukatikia hapo. Akakunja taulo nusu, na nusu tena, likawa na ukubwa wa kama kiganja na nusu kwa viganja viwili. Akashona kuzunguka ukingo, halafu msalaba kutoka kona hadi kona ili tabaka zisitembee. Nikamwuliza kwa nini si taulo jipya, kabatini kwake yamejaa ya zawadi, bado yako kwenye nailoni. Akanikamulisha yote mawili. Jipya ni zito, halinyonyi maji, na mtoto wa miaka sita mikono yake haina nguvu ya kulikamua, sakafu inabaki tope. Kuukuu limelainika, linakamuka. Yaani taulo kuukuu lilikuwa BORA kwa kazi ile. Mimi nilidhani ananionea ubahili.

Lakini swali langu, yale mataulo mapya ya kwenye nailoni mbona nayo hayatumii? Nayo ni mottainai kuyatumia?

Mkalimani_Kobe

Ndiyo. Hapo umefika kwenye kisogo cha neno. Kutupa ni mottainai na kutumia ni mottainai. Kizazi cha mkwe wako kimelelewa na watu walioonja njaa ya vita, na makabati yao yamejaa makaratasi ya madukani yaliyokunjwa vizuri, maboksi ya keki, mataulo ya zawadi, sahani ambazo "zinangoja mgeni". Mama mkwe wangu alipofariki tulikuta vyombo vya chai ambavyo havikuwahi kuona maji ya moto. Mke wangu alilia zaidi kwa vyombo vile kuliko alivyolia msibani. Watoto wao wamechoka, siku hizi wananunua vitabu vya kuwafundisha kutupa.

Mimi binafsi naona kitu kinachofungiwa hadi mwenyewe afe nacho kimeonewa. Lakini mke wangu hakubali. Anasema vyombo vile vilimfurahisha mama yake kila alipofungua kabati, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hatujamaliza mjadala huo, mwaka wa nne sasa.

Mama_wa_Mapacha_Nairobi

Kwetu pia ipo. Sahani za ukutani za mama hazikuguswa mpaka tulipozigawana. Kumbe si Wajapani peke yao.

Ila nimesikia mahali kwamba wanafulia maji ya kuoga ya familia nzima! Hiyo ni kweli?

BintiTanga_Saitama

Kweli, mama, na mimi nafanya. Lakini usiwaze beseni la maji ya sabuni. Huku unajisugua na kujisuuza nje ya bafu kwanza, ukiwa safi ndiyo unaingia kujiloweka. Wote wanaingia maji yaleyale, karibu lita 200, na mwisho yanabaki ya moto na masafi kuyatazama. Mashine yetu ina bomba la mpira lenye pampu ndogo, nalitumbukiza bafuni linavuta.

Mkwe alinipa masharti mawili. Uyatumie usiku huohuo yangali na joto, yakilala yananuka kwa sababu vijidudu vimezaliana. Na yawe ya kufulia tu, suuza ya mwisho iwe maji ya bomba. Nilikaidi la pili mwanzoni, nikasuuzia yaleyale, na mashati ya mume wangu yakawa na harufu ya uvundo yakipata jasho. Na kama mmetia chumvi za rangi za kuogea, soma kwanza pakiti.

Mwanamazingira_Nyeri

Nimejifunza, na nakubali nilikosea kuhusu asili yake. Ila nasisitiza jambo moja. Profesa alipolichukua neno hili alilitoa jikoni akalipeleka kwenye misitu. Sioni vibaya likibaki hivyo kwetu. Maana ya neno si lazima ibaki kwa bibi aliyelizaa.

Mkalimani_Kobe

Hapo sikupingi, kaka.

BintiTanga_Saitama

Wapendwa, narudi baada ya siku tisa na habari.

Ya shule: mwalimu alijibu kwenye kijitabu siku ileile. Mwanangu sasa anamwambia anayegawa "kidogo", na anapewa kidogo. Juzi amekula kipande kimoja cha shiitake, akaja kunitangazia mlangoni. Chati ya nyota bado iko ukutani. Niliuliza kwa upole kama ni lazima, nikaambiwa watalijadili. Tumbo asubuhi limepungua, halijaisha.

Ya mkwe: Jumapili nilikwenda kwake nikajikaza, nikamwambia, "Mama, ile kanga, nilidhani hukuipenda." Akashtuka kweli, mkono mdomoni. Akanishika mkono mpaka chumba cha nyuma, kwenye kabati la mbao la kimono. Droo ya juu kuna kimono chake cha harusi na cha mazishi ya mumewe, kila kimoja kwenye bahasha yake kubwa ya karatasi nyeupe yenye vifundo. Ya tatu akaifungua. Kanga yangu. Ameiwekea dawa ya nondo, na juu yake kikaratasi ameandika kwa herufi zao "Nani kama mama", na chini maana yake, kama nilivyomfasiria siku ile.

Nikamwambia kwetu kanga ni ya kuvaliwa, ikichakaa inabebea mtoto, ikichakaa zaidi inadekia nyumba, na kote huko inabaki na heshima yake. Akasema neno lilelile, mottainai, mara hii nikalisikia sawasawa. Nikamkumbusha kwamba doti ni vipande viwili. Tumekubaliana kimoja kibaki drooni. Kingine tumekikata na kukipinda pindo pamoja kwa mashine yake, atakivaa kiunoni akiwa jikoni. Alifumba macho mkasi ulipopita. Baadaye nikamwona anakiangalia kwenye kioo.

Mama_wa_Mapacha_Nairobi

Nimetokwa na machozi hapa kazini. Dada, moja tu, mwambie mara ya kwanza aifue peke yake. Kanga mpya inatoa rangi, akiichanganya kwenye yale maji ya bafu mtavaa nguo nyekundu nyumba nzima.

BintiTanga_Saitama

Uwii, nampigia sasa hivi.